Televisheni kama skrini ya kompyuta: kwa nini maandishi yana ukungu? Maswali tunayoulizwa Lubumbashi

Kompyuta nyingi tunazoletewa zilitoka Dubai au Ulaya zikiwa unité centrale tupu, bila skrini. Mwenyewe anachukua televisheni ya sebuleni, anachomeka HDMI, picha inatoka. Kisha anafungua Word na macho yanaanza kuuma. Majibu haya ni ya mtu aliyefika hapo. Majina ya menyu nimeyaandika kwa Kiingereza kama yanavyosomeka kwenye skrini. Kompyuta yako ikiwa kwa Kifaransa, vitu viko mahali pale pale: Settings ni Paramètres, Display ni Affichage, na Sharpness ya televisheni ni Netteté.

Filamu zinaonekana safi kabisa. Kwa nini herufi tu ndizo zina ukungu?

Kwa sababu filamu inasamehe. Uso wa mtu, anga, nyasi, vyote vina rangi zinazobadilika polepole, kwa hiyo picha ikivutwa kidogo au rangi ikipunguzwa, jicho halishtuki. Mguu wa herufi "l" kwenye kompyuta una upana wa pikseli moja au mbili tu. Upande mmoja ni weusi, unaofuata ni weupe, hakuna katikati. Ukiisogeza nusu pikseli tu, weusi ule unagawanyika kati ya pikseli mbili na zote zinakuwa kijivu.

Televisheni imetengenezwa ili "ipendezeshe" picha ya video kabla ya kukuonyesha: inaivuta, inaichonga kingo, inapunguza habari za rangi. Kazi yote tutakayofanya hapa ni kuiambia iache.

Nitajuaje kosa liko wapi kabla ya kuanza kubonyeza kila kitu?

Karibu kila kesi inatokana na moja ya mambo mawili: picha inabadilishwa ukubwa njiani, au rangi inapunguzwa njiani. Dalili zake zinafanana machoni lakini tiba ni tofauti, na watu wengi wanapoteza jioni nzima wakitibu ugonjwa wasiokuwa nao. Kuna majaribio mawili ya kuyatenganisha, wala hayahitaji megabaiti hata moja.

Fungua Notepad, bandika mstari huu, uhifadhi kwa jina `mistari.html`, kisha uufungue kwa Chrome au Firefox:

```html
<body style="margin:0;background:repeating-linear-gradient(90deg,#000 0 1px,#fff 1px 2px)">
```

Weka Scale ya Windows kwenye 100%, bonyeza Ctrl na 0 ili kivinjari kisikuze, kisha F11 ukurasa ujae skrini. Ukisogea karibu unapaswa kuona mistari myembamba ya wima, nyeusi na nyeupe, iliyo sawa kutoka kushoto hadi kulia. Ukirudi nyuma inakuwa kijivu kimoja kilichotulia. Kama badala yake unaona mikanda mipana, mahali peusi zaidi, mahali peupe zaidi, kama mawimbi, basi kuna kitu kinabadilisha ukubwa wa picha.

Jaribio la pili ni la rangi. Uhifadhi kama `rangi.html`:

```html
<body style="background:#00f;color:#f00;font:16px Arial">Lubumbashi, Likasi, Kolwezi: mimi, lili, wewe
```

Hayo ni maandishi mekundu juu ya buluu. Hayapendezi kwenye skrini yoyote, lakini kwenye skrini nzuri kila herufi ina kingo zake. Ikiwa wekundu umetapakaa na "lili" imekuwa doa moja, wakati maandishi meusi juu ya meupe yanasomeka afadhali, rangi inapunguzwa. Anza na jaribio la mistari. Ukubwa usipokuwa sawa, hata jaribio la rangi litakudanganya.

Mistari imetoa mawimbi, na kingo za skrini zimekatika. Sioni hata saa ya Windows.

Hiyo ni tabia iliyorithiwa kutoka televisheni za zamani za kioo kinene. Kingo za picha zilikuwa hazitulii, hivyo watengenezaji wakakuza picha kidogo ili kingo mbovu zifichwe nyuma ya fremu. Televisheni bapa hazina shida hiyo, lakini nyingi bado zinakuza. Tuchukue ukuzaji wa asilimia tano: kompyuta inatuma 1920 kwa 1080, televisheni inachukua sehemu ya katikati, 1824 kwa 1026, na kuitandaza juu ya pikseli zote 1920 kwa 1080. Hakuna pikseli ya kompyuta inayoangukia juu ya pikseli moja ya kioo.

Tiba iko kwenye telekomandi, si kwenye kompyuta. Tafuta ukubwa wa picha. Kwenye Samsung unaitwa Picture Size, nawe unachagua Screen Fit au Fit to screen. LG wana Just Scan ndani ya Aspect Ratio. Sony wanaandika Full pixel. Kwenye chapa nyingine utakuta Overscan ya kuzima, au Dot by Dot, au 1:1. Neno 16:9 peke yake halitoshi, maana 16:9 nyingi bado zinakuza.

Kingo hazikatiki tena kwa sababu niliburuta kitelezi kwenye programu ya kadi ya picha hadi kila kitu kikaenea. Mbona bado ukungu?

Huu ndio mtego ninaokutana nao zaidi ya mingine, na ni mbaya kwa sababu unaonekana kama ushindi. Kitelezi kile kinapunguza eneo la kazi kutoka 1920 hadi, tuseme, 1824, kisha kinazungushia weusi. Televisheni haijui. Inaendelea kukuza kama zamani, ule weusi unatoka nje ya fremu, na picha inaenea vizuri. Lakini sasa imepunguzwa na kompyuta halafu ikakuzwa na televisheni. Maandishi yamepita kwenye kinu mara mbili.

Chukua mfano wa sekretaria moja karibu na chuo kikuu, hapa wanapopiga TFC za wanafunzi. Kompyuta ina kadi ya AMD, televisheni ni ya inchi 32 yenye kioo cha Full HD. Mwenye kazi analalamika kwamba tanbihi za saizi ya 10 hazisomeki, "rn" na "m" ni kitu kimoja, na mwanafunzi amerudisha kurasa zenye makosa. Kingo za skrini zote zinaonekana, kwa hiyo hakuna anayeshuku ukubwa.

Jaribio la mistari linatoa mawimbi. Tunaanza na telekomandi, tunazima ukuzaji. Mara moja ukanda mweusi unatokea pande zote nne, na mwenye kazi anasema, "Fundi, umeharibu zaidi." Hapana, huo ukanda ni ushahidi: ni ule weusi uliokuwa umejificha. Tunafungua programu ya AMD, tunatafuta HDMI Scaling kwenye Display, tunakirudisha kitelezi kwenye 0%. Picha inajaa skrini, mistari inakuwa kijivu kimoja. Madereva ya zamani ya AMD, yaani programu zinazoendesha kadi hiyo, yalikuwa yanaweka upunguzaji huo yenyewe kila yakiona HDMI, kwa hiyo inawezekana hukuburuta kitu chochote.

Baada ya hapo tunafungua `rangi.html`, na "lili" bado ni doa. Yaani sekretaria ile ilikuwa na magonjwa yote mawili. La rangi liko mbele kidogo.

Televisheni yangu ni inchi 32, boksi limeandikwa 1080p, nimezima ukuzaji, na mawimbi hayaishi.

Huenda kioo chako si cha 1080. Televisheni nyingi za inchi 32 za bei nafuu zina kioo cha 1366 kwa 768. Maandishi ya 1080p kwenye boksi yanaweza kumaanisha tu kwamba inakubali kupokea ishara hiyo, kisha inaiminya ienee kwenye kioo chake. Nembo ya HD Ready ndiyo ya kuangalia, maana inadai mistari 720 tu, si 1080. Na jaribio la mistari halisemi uongo: kama ukuzaji umezimwa kweli, kitelezi cha kadi ya picha kiko kwenye 0%, na 1920 bado inatoa mawimbi, kioo si cha 1920.

Cha kufanya ni kutuma ukubwa unaolingana na kioo. Karibu hutaona 1366 kwenye orodha, kwa sababu namba hiyo haigawanyiki kwa 8 na kadi nyingi za zamani haziitaki. Utakayopata ni 1360x768. Kama haipo kwenye orodha ya kawaida, ingia Advanced display, kisha Display adapter properties, kisha List All Modes. Kwenye Linux yenye X11 amri ni fupi (jina la tundu unalipata kwa kuandika `xrandr` peke yake):

```
xrandr --output HDMI-1 --mode 1360x768
```

Pikseli sita zinazobaki ama zitakuwa weusi mwembamba pembeni, ama televisheni itavuta kidogo na utaona sehemu chache za wima zisizo kali. Urefu wa 768 utakuwa sahihi, na hiyo ni nafuu kubwa.

Televisheni ikikataa 1360x768 kwa HDMI, tazama nyuma kama ina tundu la VGA. Najua VGA inaonekana kama kurudi nyuma. Lakini televisheni nyingi zinapokea 1360x768 kwa VGA bila ubishi, na ishara yake haipunguzi rangi. Bonyeza Auto Adjust kwenye menyu ukiwa umefungua ukurasa wa mistari, na utumie kebo fupi, kwa kuwa VGA ni ya analogi na hupoteza ukali kadiri inavyokuwa ndefu.

Na kama hakuna VGA pia? Basi chagua 1920x1080 na uweke Scale ya Windows 150%, badala ya 1280x720 kwenye 100%. Nafasi ya kazi ni ile ile, kwani 1920 ukigawanya kwa moja na nusu unapata 1280. Tofauti ni kwamba herufi zinachorwa kwa pikseli nyingi kwanza, halafu televisheni inaziminya, na hilo linatoa ulaini ulio sawa kila mahali. Kuvuta 720 hadi 768 kunatoa herufi kali hapa na zenye ukungu pale, ndani ya neno moja. Haitakuwa kama monita. Inasomeka, basi.

Hizi 4:4:4, 4:2:2 na 4:2:0 za upunguzaji wa rangi maana yake nini hasa?

Jicho la binadamu linaona mabadiliko ya mwangaza kwa undani kuliko mabadiliko ya rangi. Wahandisi wa video wakatumia udhaifu huo. Badala ya kutuma nyekundu, kijani na buluu kwa kila pikseli, yaani RGB, wanatuma namba moja ya mwangaza na namba mbili za rangi, halafu zile za rangi wanazipunguza.

Fikiria pikseli nne zilizopangwa mraba, mbili juu na mbili chini. Kwenye 4:4:4 kila moja ina mwangaza wake na rangi yake, jumla namba 12. Kwenye 4:2:2, pikseli mbili zilizo jirani kwenye mstari zinagawana rangi, jumla namba 8. Kwenye 4:2:0 zote nne zinagawana rangi moja, jumla namba 6, yaani nusu ya mzigo. Mwangaza hauguswi kamwe.

Ndiyo maana filamu haikuathirika: DVD, Blu-ray na matangazo ya televisheni huwa tayari ni 4:2:0, hakuna kilichopotea zaidi. Na ndiyo maana wekundu juu ya buluu unaharibika: rangi hizo hazitofautiani sana kwa mwangaza, zinategemea rangi, na rangi imechanganywa na ya jirani.

Lakini mimi naandika meusi juu ya meupe. Kwa nini yaniathiri?

Kwa sababu ya ClearType. Windows, ili kulainisha herufi, inatumia vipande vitatu vilivyo ndani ya kila pikseli, chekundu, cha kijani na cha buluu, kana kwamba ni pikseli tatu nyembamba. Kwa hiyo ukingo wa herufi nyeusi una rangi hafifu ambazo huzioni. 4:2:0 inazitapakaza, na unaona kivuli cha waridi au kijani kando ya herufi.

Pia kuna televisheni ambazo vipande vyake vimepangwa kinyume, buluu kwanza. ClearType isipojua hilo, inalainisha upande usiofaa. Bonyeza Windows na R, andika `cttune`, na uchague sampuli inayosomeka vizuri zaidi kwenye kila ukurasa ukiwa umekaa mahali unapokaa kufanya kazi. Na kama televisheni yako haiwezi 4:4:4 kwa njia yoyote, ondoa alama ya ClearType kabisa. Herufi zitakuwa za kijivu tu, na kijivu ni mwangaza, kwa hiyo upunguzaji wa rangi hauna cha kuharibu.

Nimeweka RGB kwenye kompyuta, lakini jaribio la rangi bado baya.

Kompyuta imetuma rangi kamili, na televisheni imezipunguza yenyewe ndani, kwenye mtambo wake wa kupendezesha picha. Lazima uiambie kwamba kilichochomekwa ni kompyuta.

Kwenye Samsung na LG, nenda kwenye orodha ya vyanzo, chagua HDMI unayotumia, uhariri aina au alama ya kifaa iwe PC. Inaonekana kama kubadili jina tu, lakini kwenye televisheni hizo jina ndilo linalozima upunguzaji. Samsung za zamani zina tundu moja lililoandikwa DVI pembeni, na hilo ndilo la kompyuta. Kwenye Sony tafuta hali ya picha iitwayo Graphics. Kwenye chapa nyingine jaribu PC Mode, na isipokuwepo, Game: mara nyingine inasaidia, mara nyingine inapunguza tu kuchelewa kwa picha. Kila ukibadilisha, angalia `rangi.html`. Ile sekretaria ilipona hapo, "lili" ikawa herufi nne.

Mtu wa duka aliniambia ninunue kebo ya HDMI ya bei kubwa.

Usinunue kwa sababu hii. HDMI ni ya dijitali. Kebo mbaya inatoa vinukta vinavyometameta, picha inayozimika na kurudi, au hakuna picha kabisa. Haiwezi kuvuta picha wala kuchanganya rangi za jirani. Kebo inakuwa na maana kwenye 4K ya 60 Hz tu, kama jibu linalofuata linavyoeleza.

Nimepata televisheni ya 4K ya inchi 43, laptop ni ya zamani. Nichague nini?

4K kwa 60 Hz yenye rangi kamili inahitaji gigabiti 18 kwa sekunde, yaani HDMI 2.0. Laptop nyingi za mtumba zina HDMI 1.4, yenye 10.2. Haitoshi, hivyo lazima kitu kikatwe: ama kasi ishuke hadi 30 Hz, ama rangi ishuke hadi 4:2:0 kama kadi inaiweza.

Kwa kazi ya maandishi mimi ningechukua 30 Hz. Kipanya kitaonekana kizito, ila herufi zitakuwa kamili. Kama uzito huo unakukera, tuma 1920x1080 kwa 60 Hz: upana wa 4K ni 3840, mara mbili kamili ya 1920, kwa hiyo hakuna mawimbi, ingawa televisheni nyingi hulainisha kidogo zinapokuza.

Laptop ikiwa mpya yenye HDMI 2.0 na bado huoni 60 Hz yenye RGB, tundu la televisheni limefungwa kwenye hali ya zamani. Lifungue kwa Input Signal Plus au HDMI UHD Color kwenye Samsung, HDMI Ultra HD Deep Colour kwenye LG, Enhanced format kwenye Sony. Hapo ndipo kebo iliyoandikwa Premium High Speed inastahili pesa yake.

Herufi ni ndogo, nikapunguza resolution zikawa kubwa. Ni vibaya?

Ndiyo. Umezikuza kwa kuzivuta. Rudisha resolution ya kioo, kisha upandishe Scale hadi 125% au 150%: hapo Windows inazichora upya kubwa. Programu chache za zamani zitabaki na ukungu hata hivyo, kwani hazijui kujichora upya.

Kuna mwanga mweupe kuzunguka kila herufi.

Ni Sharpness. Televisheni inaongeza kingo bandia. Kwenye Samsung na LG ishushe hadi sifuri au karibu na hapo. Kwenye Sony katikati, 50, ndiyo hali isiyoongeza wala kulainisha, kwa hiyo usishuke chini yake.

Nilirekebisha kila kitu. Umeme wa SNEL ulikatika, uliporudi ukungu ulirudi pia.

Mara nyingi kompyuta iliwaka kabla ya televisheni. Kompyuta inapowaka huuliza skrini inakubali ukubwa gani, na isipojibiwa inachagua ukubwa wa kubahatisha, kama 1024x768. Washa televisheni kwanza, subiri picha ya HDMI, ndipo uwashe kompyuta. Kama tayari imewaka vibaya, chomoa HDMI na uirudishe.

Angalia pia uliirudisha kwenye tundu gani. Alama ya PC, Just Scan na Sharpness huhifadhiwa kwa kila tundu peke yake. Aliyechomoa kompyuta ili atazame mpira akairudisha HDMI 2 badala ya HDMI 1 amekuachia kazi ya kuanza upya. Sisi hubandika karatasi ndogo iliyoandikwa KOMPYUTA kando ya tundu lenyewe.